Majoho ya kwaya: pima kutoka bega hadi pindo, usiulize mtu ana futi ngapi

Mimi ni katibu wa kwaya hapa Kisumu, na wiki jana nimepokea majoho sita ya besi kwa mara ya pili. Mara ya kwanza yalikuja yakiishia kidogo tu chini ya goti. Wanaume wazima sita walisimama mstari wa nyuma kama wamevaa mashati ya kulalia, na mama mmoja wa ushirika akaniuliza kwa upole kama kitambaa kilitushinda bei. Nilirudi kwa fundi nikiwa nimeshaandaa maneno makali. Akavuta karatasi yangu kutoka kwenye droo, akainyoosha mezani na kuniambia, "Katibu, mimi nilishona ulichoandika."

Alikuwa na haki.

Nilikuwa nimefanya kama kila katibu anavyofanya. Niliandika kwenye kikundi cha WhatsApp: "Kila mtu atume urefu wake." Majibu yakaja kwa futi: 5.4, 5.6, 5.10, 5.11. Nikayaingiza kwenye Excel, na Excel haijui futi na inchi. Kwake 5.10 ni desimali, na sufuri ya mwisho haina kazi, kwa hiyo ikaiondoa ikaacha 5.1. Besi wanne wa futi tano na inchi kumi wakawa wa futi tano na inchi moja. Kisha nikapanga orodha kutoka mfupi hadi mrefu. Wale wawili wa 5.11 wakaangukia kati ya 5.1 na 5.2, nami nikawawekea alama ya saizi ya wafupi pamoja na wenzao.

Chati nyingi za majoho hupanda kwa inchi tatu tatu. Mtu wa futi 5 hadi futi 5 na inchi 2 hupewa joho la inchi 45, na mtu wa futi 5 na inchi 9 hadi 11 hupewa la inchi 54. Inchi tisa zikapotea kwa sababu ya nukta moja, yaani karibu sentimita 23. Pindo la fundi lilikuwa na akiba ya inchi moja tu, kwa hiyo hakuna cha kushusha. Majoho sita kwa shilingi 2,800 kila moja yakashonwa upya, na mweka hazina wetu bado hunisalimia kwa kichwa tu.

Hata kama Excel ingenisamehe, njia yenyewe ni mbovu. Kwanza watu hawajui urefu wao. Hapa kwetu mwanamume yeyote anayekaribia futi sita tayari ni wa futi sita, na akina dada hujipima bila viatu kisha wanakuja kuimba na visigino. Pili, na hili ndilo kubwa, joho halining'inii kutoka utosini. Linaning'inia kutoka begani. Shingo ndefu na kichwa kirefu vinaongeza urefu wa mtu bila kuongeza hata sentimita moja kwenye joho analohitaji.

Tuna waalto wawili ambao ukiwaegemeza ukutani wote ni futi 5 na inchi 6. Chati inawapa wote joho la inchi 51, kama sentimita 130. Nilipowapima wakiwa na viatu, kutoka pale bega linapokutana na shingo hadi sakafuni, mmoja alikuwa na sentimita 144 na mwingine 138. Wakivaa joho la saizi moja, pindo la wa kwanza litakaa sentimita 14 kutoka sakafuni na la wa pili sentimita 8. Wasimamishe bega kwa bega mbele ya kanisa na kila mtu ataona ngazi. Kwenye kwaya jicho halitazami urefu wa joho. Linatazama kama mstari wa mapindo umenyooka.

Kwa hiyo anza chini, uende juu. Amueni kwanza pindo litakaa umbali gani kutoka sakafuni, na umbali huo uwe mmoja kwa wote. Sisi tulichagua sentimita 20, ambayo kwa watu wetu wengi huangukia sehemu ya chini ya shavu la mguu. Chini ya hapo akina mama wanakanyaga joho wakipanda ngazi za jukwaa, hasa wakiwa wameshika kabrasha la nyimbo kwa mkono mmoja. Hili liamuliwe na kikao na liandikwe kwenye kumbukumbu. La sivyo, soprano watarudi kwako mmoja mmoja kuomba lao lifupishwe kidogo tu.

Upimaji wenyewe ufanyike siku ya mazoezi, sio kwa simu. Waambie wiki moja kabla waje na viatu watakavyoimbia. Nilipoanza nilikwama mapema sana, maana tepu ya fundi ina sentimita 150 na besi wetu wengine wanaizidi kutoka begani hadi chini. Fundi alinifundisha ujanja. Chukua kipande cha ubao chenye kimo cha sentimita 20, kisimamishe sakafuni nyuma ya visigino vya mtu, kisha pima kutoka begani hadi juu ya ubao. Tepu inatosha, na huhitaji kutoa chochote kwa sababu namba unayoisoma tayari ni urefu wa joho. Makosa yangu mengi ya hesabu yaliishia hapo.

Mnahitaji watu wawili. Mmoja anashika mwanzo wa tepu pale bega linapogusa shingo, na mwingine anachuchumaa kusoma. Tepu ishuke mgongoni ikiwa imenyooka, isifuate mkunjo wa kiuno. Anayepimwa atazame mbele, kwa sababu akiinama kuona namba yake, na kila mtu hujaribu, bega linashuka na joho linafupika. Anayesoma aseme namba kwa sauti, katibu airudie, ndipo aandike. Wale waalto wawili walitoka na 124 na 118.

Kwa mwenye tumbo au kifua kikubwa, pima pia kwa mbele. Kitambaa kinapopanda juu ya tumbo, pindo la mbele huinuka, na joho lililopimwa mgongoni tu litaonekana limekatwa vibaya. Ukiona mbele inazidi nyuma kwa zaidi ya sentimita tatu, mwandikie fundi namba zote mbili ili aongeze mbele peke yake. Usiongeze urefu wote, utaburuta nyuma. Mzunguko wa sehemu pana zaidi ya mwili na urefu wa mkono fundi atakuomba mwenyewe, na joho ni pana, halina ubishi sana hapo.

Ukipata namba zote, zisogeze kwenye tano iliyo karibu: 118 iwe 120, 124 iwe 125, 133 iwe 135. Hakuna atakayekosa kwa zaidi ya sentimita mbili na nusu, na kutoka viti vya waumini tofauti hiyo haionekani. Faida yake utaiona mwakani. Joho la 125 linabaki la 125 hata aliyelivaa akihamia Eldoret, na mgeni atakayekuja na 124 analirithi. Ndiyo sababu majoho yetu yana namba ndani ya kola na sio majina. Orodha inayokwenda kwa fundi iwe na namba ya joho, jina na urefu kwa sentimita kamili. Mia moja ishirini na tano haina nukta ya kuliwa na mashine.

Sasa kitambaa, ambako pesa zetu zilitoka mara ya pili. Joho moja lilikula kama mita tatu na nusu za kitambaa cha upana wa sentimita 150, kwa hiyo majoho 34 yalikaribia mita 120. Tulichagua rangi ya damu ya mzee. Besi wale sita waliposhonewa upya, jora la kwanza lilikuwa limekwisha dukani, muuzaji akaapa kwamba jipya ni lile lile. Halikuwa lile lile. Kila mkupuo wa kutia rangi kiwandani hutoka na tofauti yake ndogo. Ndani ya duka chini ya taa huioni, ila juani nje ya kanisa inakutazama. Kama mnahitaji zaidi ya jora moja, beba kipande kutoka kila jora ukavilinganishe nje mchana, na mwambie fundi joho zima, pamoja na mikono yake, likatwe kutoka jora moja. Kisha nunueni akiba ya majoho mawili siku hiyo hiyo na mkaihifadhi. Besi wetu sita sasa ni damu ya mzee mwenye umri tofauti kidogo na wengine, nasi tunamshukuru Mungu kwamba wanasimama nyuma.

Kabla ya kutoa arbuni, kubalianeni mambo matatu kwa maandishi. Upindo uwe na akiba ya inchi tatu, sio moja, ili joho liweze kushushwa. Fundi ashone kwanza majoho mawili, la mfupi kuliko wote na la mrefu kuliko wote, na wenyewe wayavae wakiwa na viatu kabla makasi hayajagusa kitambaa kingine. Ningefanya hivi mara ya kwanza, besi mmoja angeniokolea wengine watano. La tatu ni kwamba salio litatumwa M-Pesa baada ya kupima, sio baada ya kupokea. Fundi wangu alinung'unika kidogo hapo, kisha akasema hata yeye amechoka kushonea watu mara mbili.

Kama mnakodi majoho ya mahafali, ambayo yapo tayari na hayashonwi, ubao ule ule unafaa. Joho la mahafali huishia katikati ya shavu la mguu, kwa hiyo ongeza kimo cha ubao, kisha mpe mwenye duka urefu wa joho badala ya kimo cha mtu. Kwa watoto wa chekechea pima wiki chache kabla ya sherehe, maana mtoto aliyepimwa mwanzo wa mwaka si yule atakayepanda jukwaani Novemba.

Siku ya kupokea nenda na tepu, ubao na orodha. Tandaza kila joho mezani, pima kutoka mshono wa bega karibu na kola hadi pindo, weka alama ya vema kwenye namba yake. Kazi hii ilituchukua saa moja na nusu kwenye kibanda cha fundi karibu na Kibuye, mvua ikigonga mabati. Mawili yalikuwa yamebadilishana namba kwenye kola. Fundi akazifumua pale pale, akazirudisha, nikatuma salio.

Joho moja la akiba, la 135, tayari lina mwenyewe. Ni teno mgeni aliyekuja Jumapili iliyofuata na kutuambia ana futi sita. Ubao ulisema vingine, lakini 135 lilimkaa.