Kuisikia "chais pas" kwenye Kifaransa cha kasi

Ukisubiri "je ne sais pas", yaani "sijui", itamkwe yote, utaikosa. Katika mazungumzo ya kawaida "ne" hudondoka kwanza, kisha irabu ya "je" humezwa, na "j" ikigusana na "s" inapoteza mtetemo wa koo na kuwa "sh". Ndiyo "chais pas", silabi mbili tu. Njia hiyohiyo huzaa "chuis" (je suis) na "ch'peux" (je peux). Lakini "j'vais" hubaki na "j", kwa sababu "v" nayo hutetemesha koo.

Chukua sekunde kumi za mazungumzo, andika unachosikia kabla ya kutazama maandishi. Mara nyingi maandishi ya chini ya video hurudisha "ne" ambayo msemaji hakuitamka, kwa hiyo yasikuvuruge. Linganisha, rudia kipande chenye tofauti, kisha kitamke mwenyewe kwa kasi ileile. Sikio hunasa haraka kile ambacho kinywa kimeshazoea.

Na kwa kuwa "ne" haipo, ukanushi wote umebebwa na "pas". Ukiikosa hiyo, utaelewa kinyume kabisa.